Kadi ya harusi: maua yakae pembeni, katikati pabaki karatasi

*"Kaka, harusi ya mdogo wangu ni baada ya Idi na kadi nimeachiwa mimi. Nataka akili mnemba inichoree maua ya asumini na mawaridi kuzunguka kadi, katikati paachwe wazi niweke mwenyewe majina, tarehe na ukumbi. Natumia Midjourney. Kila nikiandika inaniletea herufi za ajabu katikati, au picha ya kadi imelazwa mezani na pete juu yake. Nikiandika `no text` ndiyo kwanza herufi zinaongezeka. Nakosea wapi?"*

Dada, bila shaka maelekezo yako yanaanza na `wedding invitation`, na hapo ndipo shida yote inapoingilia. Programu hizi zilifundishwa kwa picha nyingi mno, kila moja ikiwa na maelezo yake. Picha ambayo mtu ameiandikia maneno hayo mtandaoni karibu kila mara ina majina ya maharusi katikati. Na nyingi ni picha za matangazo ya wauza kadi: kadi iko juu ya marumaru, pembeni utepe, bahasha na pete mbili. Kwa hiyo programu ikisikia kadi ya mwaliko inakupa ilichokiona. Zile herufi za ajabu ni umbo la maandishi tu. Inajua kwamba mahali pale hukaa maandishi, haijui yanasema nini.

Kuhusu `no text`, maelezo ya picha husema kilichomo. Ni nadra mtu kuandika "picha ya bustani isiyo na ng'ombe". Programu haikuzoea kukanusha, ila imezoea kwamba neno likitajwa, kitu chake kiwepo. Ukiandika `no text` ndani ya sentensi umelitaja andiko. Midjourney ina mahali maalumu pa makatazo, nayo ni `--no`, inayowekwa mwishoni kabisa na kufuatiwa na vitu usivyovitaka, vimetenganishwa kwa mkato. Hiyo inasaidia, lakini hupunguza tu. Kama juu umeandika mwaliko wa harusi, chini ukaandika `--no text`, unavuta kamba pande mbili.

Neno `empty centre` nalo lina kasoro ileile. Utupu hauna sura ambayo programu inaweza kuichora, na katikati ya picha ndipo picha nyingi huweka kitu chao kikuu. Usipopajaza kwa maneno, itapajaza yenyewe. Basi sema pale katikati pana nini: karatasi nyeupe, tambarare, isiyo na alama. Kisha sema maua yanaanzia wapi na yanaelekea wapi.

Maelekezo nakuandikia kwa Kiingereza kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo ziliyosomeshwa programu hizi ni ya lugha hiyo, na matokeo yake hutabirika zaidi. Fremu nzima ya maua ningeiomba hivi:

```
watercolor botanical painting, jasmine and blush roses
growing inward from all four edges of the page, the whole
middle of the page is plain flat white paper
--ar 5:7 --style raw --no text, letters, table, ring
```

Hakuna harusi wala mwaliko humo. Kuna mchoro wa mimea wa rangi ya maji, maua yanayoota kutoka kingo nne kwenda ndani, na karatasi nyeupe. Rangi ya maji nimeitaja makusudi, kwani michoro ya mimea ya aina hiyo kwa kawaida huchorwa juu ya karatasi nyeupe tupu, kwa hiyo weupe unakuja nayo. Ukiomba picha ya kamera utaletewa ukungu wa bustani nyuma ya maua. `--style raw` inaizuia programu isiongeze mapambo yake mengi. Na `--ar 5:7` ni uwiano wa upana kwa urefu. Kadi ya A5 ni milimita 148 kwa 210, ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatwa na mashine unapata 154 kwa 216, ambayo ni 5:7 karibu sawasawa.

Jaribu hayo, utaona herufi zimepungua sana au zimekwisha. Lakini kwa kadi yako mimi nisingetumia fremu nzima, na sababu yake ni maandishi yenyewe.

Chukua karatasi, andika kadi yako yote kabla ya kuomba ua hata moja. Kadi zetu zina maneno. Juu kabisa Bismillahi, halafu familia ya Bwana na Bibi fulani, wanayo furaha kukualika, mstari wa nukta wa jina la mwalikwa, kwenye harusi ya binti yao, jina, na, jina la bwana harusi, siku na tarehe, akdi msikiti gani saa ngapi, walima ukumbi gani saa ngapi, namba za simu za majibu, na chini kabisa "Single" au "Double". Hiyo ni mistari kama 14 ya kawaida, ukiacha majina mawili ya maharusi yatakayoandikwa makubwa. Kwa herufi za pointi 11 zenye nafasi ya kutosha, kila mstari unakula kama milimita 5.6, kwa hiyo mistari hiyo inakwenda kwenye milimita 78. Majina makubwa mawili, tuseme milimita 12 kila moja, na nafasi za kupumulia baina ya sehemu na sehemu, milimita 20 au zaidi kidogo. Tumeshafika karibu milimita 125 kati ya 210 za urefu. Kwa upana, mstari mrefu kuliko yote, ambao kwa kawaida ni ule wa familia, utachukua kama milimita 85 kati ya 148.

Ina maana kila upande wa kushoto na kulia unabakiwa na milimita 31 tu, na hapo hujatenga nafasi kati ya ua na herufi. Fremu ya maua ambayo programu huchora ikiachiwa uhuru hula zaidi ya hapo. Usidhani utaibana kwa kuandika asilimia. Ukisema katikati pawe asilimia 70 haipimi kwa rula, itakuchorea fremu ileile. Kadi za picha unazoziona mtandaoni zina majina mawili na tarehe tu, ndiyo maana zinapendeza na fremu nene. Yako ina ukoo mzima.

Kwa hiyo omba maua ya pembe moja, kisha fremu uijenge mwenyewe: fungu moja pembe ya juu kushoto, la pili pembe ya chini kulia, na pembe mbili nyingine zibaki karatasi. Maandishi yanapita katikati bila kubanwa, na jicho bado linaona kadi imezungukwa.

```
watercolor cluster of white jasmine against deep green
leaves with blush roses, filling only the upper left corner,
stems trailing right and down, pure white background
--ar 1:1 --style raw --no text, letters, vase, shadow, daisy
```

Angalia pale nilipoweka asumini mbele ya majani ya kijani kilichokoza. Umechagua ua jeupe juu ya karatasi nyeupe, na hilo ndilo litakalokusumbua kuliko herufi. Ukiandika `white jasmine` peke yake, programu inatafuta njia ya kulifanya ua lionekane. Mara italipa kivuli cha kijivu likaonekana limenyauka, mara italitia ukingo wa rangi ya waridi, au itaipaka karatasi yote rangi hafifu ili weupe wa ua ujitokeze, na hapo umepoteza katikati yako nyeupe. Ukiliweka ua juu ya jani la kijani, weupe unajitokeza wenyewe na karatasi haiguswi.

Neno `daisy` kwenye makatazo lina kazi pia. Asumini ikiombwa kijuujuu hugeuka ua la petali nyingi nyembamba lenye kitovu cha njano. Mara nyingine hutoka ua la petali tano nene lenye moyo wa njano, ambalo watu wa pwani watakuuliza ni ua gani hilo. Ukiona hivyo, ongeza `small clusters with pointed buds`, maana vikonyo na machipukizi ndivyo vinavyoitambulisha asumini hata ikichorwa ndogo. Kama ulikuwa na mawazo ya kuomba kikuba, na rihani na kilua ndani yake, usipoteze muda. Jina hilo programu haina picha yake. Ungeweza kulieleza kilua kwa umbo, lakini utapata ua la kubuni, na shangazi mmoja tu akilitazama atajua. Asumini, waridi na majani ya rihani, `basil leaves`, vinatosha kuleta harufu ya jambo.

Midjourney inakupa picha nne kwa mara moja. Usichague moja tu. Chagua mbili, kwa sababu zimetoka kwenye maelekezo yaleyale, rangi na mkono ni mmoja, ila maua hayafanani. Moja ikae juu kushoto, ya pili izungushwe nusu duara ikae chini kulia. Wengi huchukua picha moja wakaigeuza, na mgeni akiiangalia kadi kwa nusu dakika anaona waridi lilelile lenye petali ileile iliyokunjika limetokea mara mbili.

Kabla ya kuipokea picha, tazama kingo zake nne. Kingo za juu na kushoto ni vizuri maua yavuke, yakatike, maana hizo ndizo zitakazotoka nje ya kadi. Kingo za kulia na chini lazima ziwe nyeupe kabisa. Kama kuna kikonyo kimegonga ukingo wa kulia kikakatika, kwenye kadi utaona mstari ulionyooka hewani, kana kwamba mtu amekata maua kwa kisu. Picha hiyo iache, au tumia sehemu ya kuhariri ya Midjourney ufute kipande hicho na kuomba tena `white background` pale tu.

Pembe ina faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Picha ya mraba ya Midjourney kabla ya kukuzwa ni pikseli 1024 kwa 1024. Uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa inchi, na inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo pikseli 1024 zinatosha milimita 86. Fungu lako la pembe likiwa na milimita 80, picha inakidhi kama ilivyotoka. Ungetumia fremu nzima ungehitaji pikseli 1819 kwa 2551 kwa A5 yenye ziada ya kukatwa, yaani lazima uikuze, na kukuza ndiko kunakofanya petali ziwe na unyoya unyoya.

Sasa weupe wa karatasi. Kwa macho, katikati ya picha itaonekana nyeupe. Usiyaamini macho. Programu hupenda kuacha kivuli hafifu, chembechembe za karatasi, na mara nyingine mzuka wa herufi ambao kwenye simu hauonekani, ila printa inautoa kama doa. Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nenda `Colors` kisha `Levels`, sogeza kishale cha kushoto kuelekea kulia karibu hadi mwisho. Chochote kisicho cheupe halisi kitageuka cheusi mbele yako. Ukishaona kilichojificha, rudisha kishale hicho mahali pake, halafu sogeza cha kulia kidogo kuelekea kushoto mpaka weupe wa karatasi ufike 255. Nenda taratibu, kwani ukizidisha asumini zako nazo zitayeyuka. Ndiyo sababu nyingine ya kuzitaka juu ya majani.

Picha ikishakuwa nyeupe safi, iweke juu ya rangi ya kadi yako na ubadilishe hali ya leya iwe `Multiply`. Hali hiyo huufanya weupe usionekane, ukabaki na maua tu juu ya rangi yoyote uliyoipaka chini, bila kukata ua kwa mkono. Kwa kadi ya rangi ya maziwa au pembe ya ndovu inapendeza sana, asumini nazo zinachukua umaziwa kidogo. Ila kama mama mtu ameshaamua kadi iwe ya damu ya mzee, hali hiyo haikufai. Juu ya rangi iliyokoza, kila kilicho cheupe kinageuka cha rangi hiyo na asumini zitakuwa zimekwisha. Hapo itabidi ukate maua kwa zana ya kuondoa mandharinyuma, na ukague kingo za petali nyeupe moja moja, maana zana hizo hudhani petali nyeupe ni karatasi na kuila.

Panga maandishi kwanza kwenye ukurasa mtupu, kisha ingiza maua. Ukianza na maua utajikuta unapunguza herufi ili zienee, na wazee wa pande zote mbili hawatasoma saa ya akdi. Fungu la juu kushoto lisogeze litoke milimita 3 nje ya kadi. Maua ya pembeni hupungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo mstari wa familia, ulio mrefu, uanzie mahali ambapo maua yameshajivuta hadi milimita 25 au chini ya hapo kutoka ukingoni. Bismillahi ni fupi, inaweza kukaa juu zaidi bila kugusana na jani. Ikigongana, shusha maandishi yote milimita chache. Usilipunguze ua, litaonekana limebandikwa. Na upande wa chini kulia hakikisha fungu la pili halijafunika neno "Double", maana mlangoni ukumbini neno hilo ndilo linaloangaliwa.

Kuhusu hiyo Bismillahi, nakusihi usiiombe kwenye programu, wala usiweke maneno `Islamic` au `arabesque` kwenye maelekezo ukidhani utapata nakshi nzuri. Maneno hayo huvuta mwandiko wa Kiarabu wa kughushi, herufi zilizounganishwa ovyo zisizosomeka, na zinaweza kujificha ndani ya majani usizione mpaka kadi imeshachapwa. Kwenye kadi ya nikahi hilo si kosa la mapambo, ni jambo la kuombana radhi. Bismillahi ichukue kwenye fonti ya Kiarabu au mchoro uliokwishakaguliwa, na umwonyeshe mtu anayesoma.

Majina nayo andika mwenyewe. Baadhi ya programu za sasa zinaandika maneno mafupi vizuri, lakini maandishi yaliyochorwa ndani ya picha huwezi kuyahariri. Ukumbi ukibadilika wiki mbili kabla, nawe unajua kumbi zetu, utaanza picha upya na maua hayatakuwa yaleyale.

Kwa kadi ya WhatsApp fungua ukurasa mwingine wa pikseli 1080 kwa 1920, uvute mafungu yaleyale mawili pembeni na upange mistari upya. Ungekuwa na fremu nzima ungelazimika kuinyoosha au kuomba nyingine. Itume kama hati, usiitume kama picha, vinginevyo WhatsApp itaibana na herufi ndogo za namba za simu zitakuwa na ukungu.

Kwa mchapaji peleka PDF ya milimita 154 kwa 216, umwambie wazi kwamba milimita 3 kila upande ni za kukatwa. Omba akutolee kadi moja kwenye karatasi hiyohiyo itakayotumika. Waridi hafifu la kwenye kioo hutoka limepauka au limeegemea rangi ya chungwa, na kijani cha majani hutoka kimekoza zaidi. Ukiiona kadi hiyo ya kwanza mchana, nje, si chini ya taa ya dukani, utajua kama waridi linahitaji kuongezwa rangi kabla hajawasha mashine kwa zilizobaki.